Nimejaza maduara manne na katikati hakuna kitu

*Shikamoo mshauri. Nina miaka 31, ni mtaalamu wa maabara ya hospitali, huu ni mwaka wa saba. Kwenye semina tulichorewa maduara manne: unachokiweza, unachokipenda, kinachohitajika na kinacholipa. Tukaambiwa kazi yako iko pale yote yanapokutana. Nimejaza mara tatu. Kwenye kuweza naandika maabara, kwenye kupenda naandika kupiga picha, kwenye kuhitajika na kulipa naandika kompyuta na usalama wa mitandao. Katikati panabaki patupu. Je, nimejaza vibaya au mimi sina kazi niliyoumbiwa? Na je, niache maabara nikafanye picha?*

Marahaba. Umejaza vibaya, ila lawama si zako. Aliyekupa karatasi hakukuambia uanzie wapi, na hapo ndipo wengi hupotea.

Tazama ulichoandika. Duara la kuweza umelijaza kutoka kazini kwako. La kupenda limetoka kwenye siku zako za mapumziko. Mawili yaliyobaki yametoka kwenye mazungumzo ya watu na matangazo ya vyuo. Vitu vilivyookotwa sehemu tatu zisizojuana vitakutana vipi katikati? Usalama wa mitandao hujaufanya hata siku moja, kwa hiyo hauwezi kukaa kwenye duara la kuweza, na kama unaupenda au huupendi hakuna anayejua, hata wewe. Ungejaza mara thelathini, pangebaki patupu vilevile.

Dawa yake ni kupindua zoezi zima. Weka maduara pembeni kwanza, andika orodha moja, kisha kila kilichomo kwenye orodha hiyo kiulize maswali manne. Na kwenye orodha usiandike majina ya kazi kama “maabara” au “picha”. Hayo ni magunia. Fungua gunia uandike kilichomo ndani: vitendo unavyovifanya kwa mikono na akili yako, kimoja kimoja.

Nitakueleza kwa mfano, na kwa bahati ninao wa mtu wa maabara kama wewe. Alikuja kwangu akisema amechoka, anataka kuhama fani kabisa. Nilimpa daftari dogo nikamwomba kwa wiki mbili aandike kila anapobadilisha shughuli: saa, alichokuwa akifanya, na neno moja la hali yake, iwe “mzito”, “kawaida” au “mwepesi”. Sikumwambia aandike jioni akifika nyumbani, kwa sababu jioni mtu hukumbuka kilichomuudhi na kilichomfurahisha sana, yale ya katikati yanamponyoka, na ya katikati ndiyo yanayokula siku.

Daftari liliporudi, “maabara” ilikuwa imegawanyika vipande vipande. Kuchukua damu: mzito. Kuingiza majibu kwenye kompyuta: mzito. Kusoma slaidi kwenye hadubini: kawaida, na baada ya saa mbili mzito. Lakini kila asubuhi kulikuwa na kipande kimoja cha dakika 40 hivi chenye neno “mwepesi”, na mara mbili kipande hicho kilirefuka hadi kuwa cha saa tatu nzima bila yeye kuona muda ukienda. Ilikuwa ni ile shughuli ya kuipima mashine kabla ya kuiruhusu iguse sampuli za wagonjwa. Unaijua vizuri kuliko mimi: unapitisha sampuli za udhibiti ambazo thamani yake inajulikana, unaweka alama kwenye chati, unatazama kama ziko ndani ya mipaka. Huyu bwana hakuwa anaweka alama tu. Akiona alama zinapanda pole pole siku baada ya siku, anaanza kushuku kitendanishi kinachoharibika au taa inayochoka. Akiona zimeruka ghafla, anauliza kama kuna aliyefungua boksi la toleo jipya. Alinieleza hayo kwa dakika ishirini bila kupumua, mtu ambaye saa moja kabla alikuwa ameniambia hana anachokipenda kazini.

Sasa maswali manne yanaweza kuanza, na kila moja lina ushahidi wake. Hapa sitayapa nafasi sawa, maana hayana uzito sawa.

La kuweza ndilo rahisi kujidanganya. Ukijiuliza “je, naweza?”, utajipa alama kwa hisia. Uliza badala yake: mambo yakiharibika, wananiita mimi au wanamwita mwingine? Yule bwana alikuwa anaitwa hata na zamu ambazo si zake. Huo ni ushahidi. Lakini ongeza swali la pili, kwa sababu kuwa bora kati ya watu watano si kuwa bora sokoni: kuna mtu wa nje, asiyekujua wala kukuonea haya, aliyewahi kupima kazi yako? Kwenye picha zako hili ni muhimu zaidi. Ndugu na marafiki wakisema picha zako ni nzuri, wanasema wanakupenda. Mtu usiyemjua akilipa, kisha akarudi mara ya pili, huyo ndiye aliyesema picha ni nzuri.

La kupenda lina mtego wake. Watu huandika wanachopenda matokeo yake, wakasahau kuuliza kama wanapenda saa zake. Chukua kazi moja ya kupiga picha za harusi. Kwa muda wa saa nane uko na kamera, mwili wote umechangamka. Kabla ya hapo kuna safari, mazungumzo ya simu, kukagua vifaa. Baada ya hapo kuna kuchagua picha mia chache kati ya maelfu, kusawazisha rangi na mwanga moja baada ya nyingine, kutuma, kurekebishiwa, kumkumbusha mteja salio lake. Ukijumlisha kwa uaminifu, zile saa nane zinaweza kufuatwa na nyingine kumi na sita au zaidi ambazo hazina kamera mkononi. Swali la duara la kupenda ni kama unazipenda hizo kumi na sita. Wapo wanaozipenda kweli. Wapo wanaopenda kuhariri kuliko kupiga. Wengi hawajawahi kujiuliza.

La kuhitajika ndilo nitakalokaa nalo, kwa sababu neno lenyewe linachanganya mambo mawili. Kuna kitu ambacho watu wanakihitaji, na kuna kitu ambacho watu wanakitafuta wakiwa na fedha mkononi. Mzee aliyelala peke yake anahitaji mtu wa kumsomea na kuzungumza naye, hakuna anayebisha. Lakini nani analipa? Kwenye mchoro, duara la uhitaji na la malipo huchorwa kama marafiki wanaopishana kidogo tu, na mtu anadhani akijaza moja amekaribia jingine. Ukweli ni kwamba kuhitajika bila mlipaji ni kazi ya kujitolea, nayo ni heshima kubwa, ila usiiweke kwenye hesabu ya kodi ya nyumba. Kwa hiyo kila unapoandika kwamba kitu kinahitajika, maliza sentensi: kinahitajika na nani, na fedha zinatoka mfuko gani? Mashine za maabara zikisimama, hospitali haipati majibu, na aliyeiuzia mashine ana mkataba wa kuihudumia. Mlipaji yupo, unaweza hata kumtaja cheo. Kwenye “usalama wa mitandao” uliouandika wewe, jaribu kumtaja mtu mmoja ambaye angekulipa wewe, kwa ujuzi ulio nao leo. Ukishindwa, hilo si duara lako bado. Ni duara la watu wengine unalolitazama kwa mbali.

La malipo ni fupi. Usianze na alama. Piga mstari wa chini: kiasi ambacho chini yake wewe na wanaokutegemea hamwezi kuishi. Kilicho chini ya mstari kinatoka kwenye orodha ya kazi, kinabaki kwenye orodha ya mapenzi. Kilicho juu ya mstari ndicho unachoweza kukipima. Na upime kwa saa zote, si zinazoonekana. Malipo ya harusi moja ukiyagawa kwa saa nane yanapendeza. Yagawe kwa ishirini na nne, toa uchakavu wa kamera na lenzi, kisha linganisha na saa moja ya maabara.

Sasa namna ya kuunganisha. Watu wengi hujumlisha alama na kugawa kwa nne, na hapo dira hii ya maduara inawapeleka porini. Tuseme unajipima kutoka 0 hadi 10. Kupiga picha unakupa kuweza 8, kupenda 10, kuhitajika 6, malipo 2. Kutunza mashine unakupa 7, 6, 7 na 6. Jumlisha: zote zinatoa 26, zimekwenda sare. Lakini zidisha. Picha ni 8 × 10 × 6 × 2, yaani 960. Mashine ni 7 × 6 × 7 × 6, yaani 1764. Sare imekwisha. Ukijumlisha, 10 ya mapenzi inafunika 2 ya malipo kana kwamba mapenzi yanaweza kulipa bili. Ukizidisha, udhaifu mmoja unaivuta kazi nzima chini, na sifuri moja inaifuta kabisa, ndivyo ilivyo maishani. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulibadili hesabu ya kielezo cha maendeleo ya binadamu kwa sababu ya aina hii: waliacha wastani wa kujumlisha afya, elimu na kipato, wakachukua wastani wa kuzidisha, ili nchi isifiche upungufu mkubwa wa kitu kimoja nyuma ya wingi wa kingine.

Usizichukulie namba hizo kama vipimo vya maabara, tafadhali. Wewe wa watu wote unajua tofauti kati ya kipimo na makisio. 1764 haina maana yoyote peke yake. Kazi yake ni kukuonyesha kigingi kiko wapi. Kwenye picha, kigingi si ujuzi wala mapenzi; ni ile 2. Basi swali lako si “niache maabara?” bali ni “kuna namna ya kupiga picha ambapo 2 inakuwa 5?” Swali hilo lina majibu ya kutafuta, la kwanza halina.

Nimekwambia namna ya kuitumia dira. Ningekuwa nimekudanganya kama nisingekwambia pia inapokosea.

Kosa kubwa ni kwamba mchoro unayaonyesha maduara manne kama vitu vilivyotulia, kila kimoja na lake, wakati kwa kweli yanasukumana. Mapenzi yanasukuma malipo chini. Adam Smith aliliona hilo mwaka 1776 aliposema kuwa uwindaji na uvuvi, ambao wenye nafasi huufanya kwa kujifurahisha, huwaacha maskini wale wanaoufanya kwa riziki. Sababu si uchawi: kazi ikiwa tamu, watu wengi wako tayari kuifanya hata kwa malipo madogo, na mteja anajua hivyo. Kwa hiyo mtu anayetafuta mahali ambapo mapenzi ni 10 na malipo ni 10 anatafuta mahali ambapo umati unapasaka pia. Kuna njia mbili za kuupenya umati huo, ama uwe bora kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, ama uchanganye mapenzi yako na kitu ambacho umati haukijui. Nitairudia hiyo ya pili.

Upande mwingine, ujuzi huvuta mapenzi juu. Mambo mengi hayapendezi unapoyafanya vibaya. Yule bwana alinikiri kwamba mwaka wake wa kwanza aliichukia ile chati ya udhibiti. Ilikuwa adhabu ya kila asubuhi. Alianza kuipenda alipoanza kuielewa. Ukijaza duara la kupenda leo, unajaza mapenzi ya mtu mwenye ujuzi wa leo. Kwa hiyo usikifute haraka kitu ambacho hukipendi lakini umekifanya miezi miwili tu. Na usikiache haraka kitu ambacho hukipendi kwa sababu umekaa na msimamizi mbaya, maana hapo huchukii kazi, unamchukia bosi, nayo ni shida tofauti yenye dawa tofauti.

Malipo nayo yanaweza kugusa mapenzi. Mwaka 1973 watafiti wa saikolojia waliwachukua watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja waliahidiwa cheti wakichora, kundi jingine walipewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora, la tatu hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa walitumia karibu nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora. Hao ni watoto na cheti, si mtu mzima na ada ya shule ya wanawe, kwa hiyo tusiivute mbali mno. Lakini nimewaona watu wazima wakipitia jambo linalofanana: kamera iliyokuwa pumziko ikawa zamu ya pili, na Jumapili hakuna tena pa kukimbilia. Kabla hujaiuza starehe yako, jiulize ni nini kitakuwa starehe baada ya hapo.

Halafu kuna muda. Duara la kuhitajika linaonyesha leo. Fani inayotangazwa leo kuwa haina watu wa kutosha inavuta maelfu vyuoni leo, na maelfu hao wanatoka pamoja baada ya miaka mitatu au minne, wakikutana mlangoni. Hili limetokea mara nyingi kwenye fani zinazochukua muda kusomea, kama uhandisi. Ukitaka kujua kama unachelewa, usiulize ni nafasi ngapi zinatangazwa. Uliza ni wangapi wako darasani.

Na yapo ambayo maduara hayaulizi kabisa. Huyu bwana wa maabara alimaliza safari yake vizuri kwa kipimo cha mchoro. Hakuacha kazi. Aliomba kwanza akabidhiwe daftari la matengenezo ya mashine pale pale hospitalini, kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiigombania. Kila fundi wa kampuni alipokuja kuhudumia mashine, yeye alisimama naye, akamshikia tochi, akauliza. Baada ya mwaka na kidogo alikuwa anatatua hitilafu ndogo kwa simu kabla fundi hajafika, na ilikuwa ni huyo fundi aliyempelekea habari kwamba kampuni inatafuta mtu wa kufundisha watumiaji wa mashine. Alipata. Kuweza, kupenda, kuhitajika, kulipa: vyote vinne. Miezi sita baadaye alinipigia simu usiku akiwa nyumba ya wageni, mbali, akaniambia hajalala kwake kwa siku kumi na moja na mtoto wake mdogo ameanza kumwita mjomba wake “baba”. Hakuna duara lililouliza utalala wapi. Hakuna lililouliza mwili unavumilia nini, nani anakutegemea, au utaishi kwa nini miezi mitatu ya kwanza kabla wateja hawajaja. Mimi siku hizi humwongezea mtu mstari wa chini pembeni ya karatasi: mambo ambayo hutayauza. Mistari miwili au mitatu inatosha. Yule bwana baadaye alibadilishiwa eneo la kazi, kwa malipo pungufu kidogo, naye akakubali bila kunung’unika. Mwenyewe alisema angeliandika hilo mapema angelijua la kuomba tangu siku ya usaili.

Swali lako la pili la kuumbiwa kazi nalijibu kwa kifupi. Semina nyingi huuza mchoro huu kwa jina la Kijapani, ikigai, kana kwamba Wajapani wa kale ndio walioubuni. Mchoro ulikuwepo ukizungumzia kusudi la maisha, na mwaka 2014 mwandishi mmoja, Marc Winn, ndiye aliyeubandika neno ikigai. Kwa Wajapani wenyewe neno hilo ni kitu kinachofanya maisha yawe na thamani, na kinaweza kuwa mjukuu, bustani au kwaya, bila mshahara wowote. Mieko Kamiya, daktari wa magonjwa ya akili aliyeandika sana juu ya neno hilo miaka ya sitini, alilichunguza kati ya wagonjwa wa ukoma waliotengwa kisiwani, watu ambao soko la ajira lilikuwa limewasahau. Kwa hiyo patupu pa katikati hapakwambii kwamba huna kusudi. Panakwambia tu kwamba kwa sasa hakuna kitendo kimoja kinachobeba mizigo yote minne, na mizigo inaweza kugawanywa: mshahara ubebwe na maabara, furaha ibebwe na kamera, na usiku ulale.

Lakini kama bado kamera inakuvuta, usiache maabara na usiiache kamera. Fanya jaribio la miezi mitatu. Pata kazi tatu za picha za kulipwa, kutoka kwa watu wasio ndugu wala rafiki, kwa bei kamili, si ya kujuana. Andika kila saa, pamoja na za simu na za kuhariri, na lile neno moja: mzito, kawaida, mwepesi. Wakati huo huo andika wiki mbili za maabara kwa namna ile ile. Kama hukupata wateja watatu kwa miezi mitatu, umepata jibu kuhusu uhitaji bila kupoteza mshahara hata mmoja. Kama umewapata lakini saa za kuhariri zote ni “mzito”, umepata jibu kuhusu kupenda. Kama zote ni “mwepesi” na hakuna aliyerudi wala kumtuma mwenzake, shida iko kwenye ujuzi, na ujuzi hufundishika.

Na ile njia ya pili niliyosema nitairudia ni hii. Wapiga picha za harusi ni wengi kila mahali. Wangapi kati yao wanaweza kuiweka slaidi kwenye hadubini, wakajua rangi gani ya doa ni kosa la kupaka na ipi ni ugonjwa, kisha wakaipiga picha inayofaa kufundishia? Vyuo vya afya vinahitaji picha hizo, wanaoandika vitabu vya kozi wanazihitaji, kampuni za vitendanishi zinahitaji picha za maelekezo ya hatua kwa hatua. Mlipaji anatajika. Sijui kama utaipenda; hujaijaribu, na huenda baada ya slaidi mia ikawa “mzito” kama kuingiza majibu. Basi iwe moja ya zile kazi tatu. Kamera nyingi hufungwa kwenye hadubini kwa adapta ndogo, na hadubini unayo kazini. Omba ruhusa ya mkuu wa maabara kwa maandishi, tumia slaidi za kufundishia na si za wagonjwa wenye majina, upige ishirini, kisha mpelekee mkufunzi mmoja wa chuo cha afya asiyekujua umwulize angezilipia ngapi.

Ukimaliza, niandikie hesabu ya saa zako. Hizo ndizo nitakazotaka kuziona kwanza, kabla ya picha zenyewe.